SOMO LA LEO: Andika wazo lako la mzigo kabla hela haijatoka mfukoni

Leo naomba tukae na kitu kimoja tu, tena kidogo: karatasi ya mistari mitano ambayo unaiandika kabla hujanunua mzigo wa kuweka ndani ukisubiri bei ipande. Sizungumzii mzigo wa oda, ule ambao mteja kashalipa na wewe unafuata tu. Nazungumzia ule wa kubahatisha, ambao unanunua leo kwa sababu unaamini kesho utauzwa ghali zaidi.

Wanaonunua hisa na fedha za kigeni wana kawaida ya kuandika kila wazo kwa namna hiyo: naingia bei gani, natoka na hasara bei gani, natoka na faida bei gani, na ni kitu gani kikitokea nitajua kuwa wazo lenyewe halipo tena. Mimi nauza dagaa kutoka Mwamgongo, sina hisa hata moja. Lakini mwaka 2024 nilichoma hela ambayo karatasi hiyo ingeniokolea, na tangu hapo sinunui mzigo wa kusubiri bila kuiandika. Nawaonyesha kwa mzigo wenyewe. Bei nitakazotaja ni za daftari langu la wakati huo, usizichukue kuwa bei za leo.

WAZO LILIKUWA ZURI, KARATASI HAIKUWEPO

Mwaka ule serikali ilitangaza kusimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana ziwa lipumzishwe. Kwa mtu wa mwaloni hesabu ilikuwa rahisi. Miezi mitatu hakuna dagaa mpya, walaji wako palepale, kwa hiyo dagaa kavu atakayekuwa ndani atapanda bei.

Nilinunua kilo 60 wiki moja kabla ya kufunga, kilo kwa 20,000. Ukiweka boti mpaka Kibirizi, mifuko na kazi ya kupepeta mchanga, kila kilo ikanisimamia 21,000. Jumla 1,260,000. Laki tano kati ya hizo zilikuwa mkopo wa kikoba, riba elfu hamsini.

Wazo likatimia. Wiki ya tatu ya Juni wateja wangu wa Wasapu walikuwa wananunua kilo kwa 28,000 bila kulalamika. Nikauza kilo 20. Halafu mwanzoni mwa Julai nikatoa tangazo kwenye stetasi. Nilijiambia, ziwa bado limefungwa, kwa nini niuze sasa? Ikifika 35,000 nitauza zote kwa mkupuo.

Kwenye kikao cha kikoba mweka hazina akaniuliza, "Mwenzetu, hiyo thelathini na tano umeitoa wapi?" Nikamjibu soko lenyewe linaonyesha. Akasema, "Soko linaonyesha ishirini na nane. Thelathini na tano imeandikwa wapi?" Haikuwa imeandikwa popote. Niliitunga siku ileile nilipoona 28,000 imekuja kirahisi.

Ziwa likafunguliwa katikati ya Agosti. Mitumbwi iliyokuwa imepumzika miezi mitatu ikaingia majini kwa pamoja, na siku chache baadaye dagaa wapya wakaanza kuanikwa. Dagaa wangu walikuwa na miezi mitatu ndani, rangi imeanza kuwa ya njano, na kilo 2 zilikuwa zimegeuka vumbi na kupungua uzito. Kilo 38 nikaziuza kwa jumla kwa 17,000.

Tupige hesabu. Kilo 20 kwa 28,000 ni 560,000. Kilo 38 kwa 17,000 ni 646,000. Jumla 1,206,000. Nilitoa 1,260,000, kwa hiyo hasara 54,000, ukiongeza riba ya kikoba ni 104,000. Na kama ningeuza kilo zote 60 kwa 28,000, ningepata 1,680,000, yaani faida ya 420,000 kabla ya riba. Nilipatia kila kitu kuhusu ziwa, na bado nikatoka na hasara. Hilo ndilo lililonikera.

KARATASI ILIVYOTAKIWA KUWA

Wazo lilelile, mzigo uleule, siku ileile, lakini limeandikwa:

Tarehe: Mei 8, 2024. Dagaa kavu wa Mwamgongo.
Sababu: Uvuvi unasimama Mei 15 hadi Agosti 15. Dagaa mpya hataingia, aliye ndani atapanda.
1. Kuingia: Kilo isizidi 20,000 mwaloni (21,000 na gharama). Dagaa mkavu, hana mchanga. Mwisho wa kununua Mei 14.
2. Kukata hasara: Bei ya jumla Kibirizi ikifika 18,500 nauza zote. Mnunuzi: mama wa jumla niliyemzoea, nimeshamuuliza.
3. Lengo: 28,000 rejareja mtandaoni. Naanza kuuza ikifika hapo, au Julai 1, chochote kitakachotangulia. Agosti 5 ghala liwe tupu.
4. Kifuta wazo: (a) Tangazo rasmi la kuahirisha au kufupisha kufungwa kwa ziwa. (b) Dagaa wabichi kuanikwa wazi mwaloni siku mbili mfululizo ndani ya kipindi cha kufungwa. Mojawapo ikitokea naanza kuuza siku hiyohiyo, hata kama bei ni nzuri.
5. Kiasi: Kilo 40. Hasara kubwa ninayoikubali ni 150,000.

Ukiisoma haraka inaonekana ya kawaida. Twende mstari kwa mstari, maana kila mmoja una mahali pake pa kuteleza.

KUINGIA

Bei ya kuingia si "bei iliyopo nikifika". Ni bei ambayo ukiivuka, hesabu ya mistari mingine yote inaharibika. Kama kilo imefika 22,000 mwaloni, gharama yako ni 23,000, na faida uliyoiona kwenye karatasi imepungua wakati hatari imeongezeka. Hapo wazo limekupita. Unarudi na hela yako, na kurudi na hela si hasara.

Weka pia tarehe ya mwisho. Wazo langu lilitegemea kununua kabla ya kufungwa. Anayenunua Juni 10 kwa sababu kaona bei inapanda hafuati tena wazo hilo. Ameingia kwenye wazo jingine ambalo hajaliandika.

Na ubora uandikwe. Dagaa aliyekauka ukimvunja anakatika kwa mlio. Akipinda, bado ana maji, na maji hayo umeyalipia kwa bei ya dagaa. Akikaa ndani miezi miwili utapungukiwa kilo na huenda akapata ukungu.

KUKATA HASARA

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mzigo anatofautiana na mtu wa hisa. Yeye anaweza kuacha maagizo kwa wakala wake kwamba bei ikishuka hapa, uza. Dagaa hawana wakala wa namna hiyo. Kwa hiyo bei ya kukata hasara isiyo na jina la mnunuzi ni maneno matupu. Kabla sijanunua, namuuliza mama wa jumla wa Kibirizi: nikikuletea kilo 40 siku moja, utachukua? Kwa bei gani ukilinganisha na siku hiyo? Akisema hachukui zaidi ya kilo 20, basi natafuta wa pili au napunguza mzigo.

Angalia pia ni bei ipi unayoipima. Wengi wetu tunajidanganya hapa. Mteja mmoja wa mtandaoni akinunua kilo moja kwa 24,000 tunasema bei ni 24,000. Lakini siku ya kukata hasara huuzi kilo moja, unauza mzigo mzima. Kwa hiyo kipimo cha kukata hasara ni bei ya jumla, na kipimo cha lengo ni bei ya rejareja. Usivichanganye.

Halafu kubali ukweli mwingine: bei hairemki ngazi kwa ngazi ikikusubiri. Unasikia 18,500 asubuhi, boti ya kwenda Kibirizi unaipata kesho, ukifika unakuta 17,500. Kwa hiyo hasara halisi kwa kilo usiihesabu 2,500 (yaani 21,000 kutoa 18,500). Ongeza elfu moja ya kuteleza njiani, ihesabu 3,500.

Kutoka hapo kiasi cha mzigo kinajitokeza chenyewe. Hasara ninayoweza kuibeba bila kukopa tena ni 150,000. Gawanya kwa 3,500, unapata kilo 42 na kidogo. Nikaandika 40. Angalia kwamba mimi nilinunua 60, kwa sababu hela ilikuwepo. Hela kuwepo siyo sababu ya kuongeza kilo.

LENGO

Lengo nalo lina sehemu mbili, bei na muda. Bei niliipima dhidi ya hasara. Kwenye 28,000 napata 7,000 kwa kilo, na nikikosea napoteza 3,500. Faida ni mara mbili ya hasara. Maana yake kati ya mawazo matatu ya namna hii, nikikosea mawili na kupatia moja, narudi palepale nilipoanza. Kama lengo langu lingekuwa 23,000, ningepata 2,000 kwa kuhatarisha 3,500, na ningelazimika kupatia karibu mawili kati ya kila matatu ili tu nirudi palepale. Wazo la hivyo siliandiki, naliacha.

Muda ndio tunausahau sisi wa mtandaoni. Mimi nilikuwa nauza wastani wa kilo 8 kwa wiki. Kilo 40 zinataka wiki tano. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 5, wiki tano zinakupeleka Julai 1. Ndiyo maana karatasi inasema naanza kuuza Julai 1 hata kama 28,000 haijafika. Kama unasubiri bei ya juu kabisa halafu ndio uanze kutangaza, utajikuta na kilo 30 ndani siku mitumbwi inaingia ziwani.

Na mnaona jinsi ilivyonipata. Baada ya kuuza zile 20 nilibaki na 40, mwanzoni mwa Julai. Wiki tano kwa kilo 8 zingekwisha Agosti 5, siku kumi kabla ya ziwa kufunguliwa. Nilikuwa ndani ya muda kabisa. Nilichofanya ni kuondoa tangazo.

KIFUTA WAZO

Huu ndio mstari unaowasumbua watu wengi, maana wanaona umeshaandikwa kwenye kukata hasara. Haujaandikwa. Kukata hasara kunaangalia bei. Kifuta wazo kinaangalia sababu.

Fikiria hivi. Nilinunua kwa sababu dagaa mpya hataingia. Kama katikati ya Juni linatoka tangazo kwamba ziwa linafunguliwa mapema, sababu yangu imekufa saa hiyohiyo. Lakini bei siku hiyo inaweza kuwa bado 25,000, kwa sababu wateja wa Dar na Dodoma hawajasikia, na mitumbwi haijarudi majini. Ukiangalia bei tu utasema mambo bado mazuri. Mwenye kifuta wazo anauza siku hiyo kwa 25,000, tena kwa faida. Asiye nacho anasubiri bei imwambie, na bei huwa inachelewa kusema.

Kifuta wazo kizuri kina alama tatu. Kwanza, kinatoka kwenye mstari wa Sababu. Soma sababu yako, kisha jiulize: ni nini kikitokea maneno haya yatakuwa ya uongo? Pili, kinaonekana kwa macho au kusikika kutoka mahali panapojulikana. "Soko likiwa baya" siyo kifuta wazo, maana siku soko likiwa baya utasema bado halijawa baya sana. "Dagaa wabichi kuanikwa wazi mwaloni siku mbili mfululizo" ni kitu ambacho hata mtoto anaweza kwenda kuangalia akarudi na jibu. Tatu, kina tendo. Siyo "nitafikiria upya", bali "naanza kuuza siku hiyohiyo".

Kwa nini niliandika siku mbili na siyo moja? Kwa sababu mtu mmoja anayeiba usiku mmoja hajabadilisha soko. Wengi wakianika mchana bila kujificha siku mbili, hilo ni jambo jingine. Usiweke kifuta wazo chepesi mno kikakutoa kwa kila uvumi, wala kizito mno kikangoja bei ianguke kwanza.

Na tarehe ya Agosti 5 nayo ni ndugu wa kifuta wazo. Sababu yangu ilikuwa na siku ya kufa iliyotangazwa hadharani, Agosti 15. Wazo lenye tarehe ya kufa linatakiwa karatasi yenye tarehe ya kutoka, kabla ya hapo.

MARA YA KWANZA KUITUMIA

Oktoba ileile nikajaribu tena, safari hii na karatasi. Sababu ilikuwa mbalamwezi. Wanaojua uvuvi wetu wanajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwepo, taa inawavuta. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haina nguvu, mitumbwi mingi inapumzika siku kadhaa. Mwezi ulikuwa unakamilika Oktoba 17, 2024. Wazo likawa kununua mwisho wa giza na kuuza wakati mwalo umekauka.

Nikaandika: kuingia 19,000, na gharama 20,000. Kukata hasara bei ya jumla 18,500, na kuteleza nihesabu 18,000, yaani hasara ya 2,000 kwa kilo. Lengo 24,000, faida 4,000 kwa kilo. Hasara ninayoikubali 60,000, kwa hiyo kilo 30. Kifuta wazo: mitumbwi ikitoka na taa usiku wa Oktoba 14 na wa 15, na dagaa wabichi wakaanikwa asubuhi zake kama siku za giza, nauza zote. Nikampiga picha karatasi na kumtumia dada yangu, nikamwambia, "Dada, nitunzie. Nikianza kubadilisha maneno unionyeshe."

Mawingu ya mvua za mwanzo yakaufunika mwezi. Usiku wa tarehe 14 mitumbwi ikatoka. Tarehe 15 ikatoka tena. Asubuhi dagaa wakaanikwa kama kawaida. Bei ya jumla bado ilikuwa 19,500, haijagusa kukata hasara, na kusema kweli roho iliniambia ngoja kidogo, mawingu yataondoka. Dada akanitumia ile picha bila neno lolote.

Nikauza kilo 30 kwa 19,500, nikapata 585,000. Nilitoa 600,000. Hasara 15,000. Siku nane baadaye bei ya jumla ilikuwa 17,500. Ningeng'ang'ania mpaka hapo, hasara ingekuwa 75,000, zaidi ya ile niliyojiwekea.

Lakini nisiwauzie ndoto. Desemba niliandika wazo jingine la mbalamwezi, kifuta wazo kikatokea, nikauza, na bei ikapanda hata hivyo kwa sababu ya watu wa sikukuu. Niliumia. Ila nilipoisoma karatasi niliona mstari wa Sababu ulikuwa unasema mbalamwezi, haukusema sikukuu. Bei ilipanda kwa sababu ambayo sikuiandika, kwa hiyo faida ile haikuwa ya wazo langu. Nilichojifunza ni kwamba Desemba ina sababu yake, nayo inataka karatasi yake.

PALE KARATASI INAPOHARIBIKA

Kuna dalili tatu nimeziona kwangu na kwa wenzangu. Ukijiona unafuta 18,500 na kuandika 17,500 bei ikiwa inashuka, umeshaacha biashara, sasa unasali. Bei ya kukata hasara haishushwi mzigo ukiwa ndani. Ukijiona unaongeza sababu mpya baada ya kununua, kwa mfano "halafu pia shule zinafungua", jua sababu ya kwanza imekufa na hutaki kuizika. Na ukijiona lengo linapanda kila linapofikiwa, kumbuka ile 35,000 yangu. Lengo ukitaka kulibadilisha, uza kwanza mzigo uliopo, kisha andika karatasi mpya kwa bei ya siku hiyo. Ukiona kwa bei hiyo mpya usingenunua, basi umepata jibu.

Karatasi hizi zisizidi mbili kwa wakati mmoja, na zitunze hata baada ya kuuza. Andika chini: nilitoka kwa mstari upi, na hesabu ilikuwaje. Ukiwa nazo kumi utaona mwenyewe kosa lako linajirudia wapi. Langu lilikuwa mstari wa tatu.

KAZI YA LEO: Chukua mzigo mmoja ulionao ndani sasa hivi unaosubiri bei, uwe wa vitenge, mawese, mchele au dagaa. Usiandike mistari yote. Andika miwili tu, Sababu na Kifuta wazo. Halafu angalia nje kama kifuta wazo hakijatokea tayari. Kama kimeshatokea, weka tangazo leo jioni, bei bado ipo.